Kriatini kwa mama anayenyonyesha: vyuma, usingizi wa mang'amung'amu na supu ya sato

"Dada, shikamoo. Nilijifungua kwa upasuaji miezi minne iliyopita, sasa nimerudi jimu hapa Kirumba. Nachoka mno, mtoto ananiamsha mara nne au tano usiku, na ananyonya tu, hajaanza kula. Wenzangu wanasema kriatini itanirudishia nguvu. Nitumie?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwa sasa ningekuambia usubiri. Lakini wenzako hawajasema upuuzi, kwa hiyo nianze na upande wao.

Kriatini si dawa ngeni mwilini. Ini na figo zako hutengeneza takriban gramu moja kila siku, na nyingine huipata kwenye nyama na samaki. Karibu yote hukaa kwenye misuli, na kazi yake ni kurudisha haraka nguvu ya kazi fupi na nzito, kama zile skwati mbili za mwisho ambazo miguu inatetemeka. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, gramu 3 hadi 5 kwa siku zimechunguzwa kwa miaka mingi na hazijaonekana kumdhuru. Hata maziwa yako yana kriatini sasa hivi, kabla hujanunua kopo lolote la unga wake. Humpa mtoto takriban asilimia 9 ya anayohitaji, na iliyobaki anajitengenezea mwenyewe.

Na usingizi? Hapo wana hoja pia. Mwaka 2024 watafiti wa Ujerumani walikesha na watu 15 usiku mmoja, wakawapa kriatini kwa mkupuo, na kweli waliopewa walifikiri haraka kidogo kuliko walipopewa unga usio na kriatini. Ila tazama kipimo: gramu 0.35 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mama wa kilo 64 hizo ni zaidi ya gramu 22 kwa mara moja, wakati kijiko cha kawaida cha jimu ni gramu 5. Tena ni usiku mmoja, na hawakuwa wakiamka kunyonyesha miezi minne mfululizo. Ubongo hupokea kriatini polepole kuliko misuli, kwa hiyo matokeo ya usiku ule huwezi kuyahamishia kwenye kijiko chako cha asubuhi.

Upande wa pili, jambo zito ni maziwa. LactMed, hazina ya Marekani ya taarifa za dawa na kunyonyesha, inaeleza kwamba kiwango cha kriatini kwenye maziwa ya mama anayetumia kopo hakijapimwa, na inashauri kuiepuka mpaka taarifa zipatikane, isipokuwa mhudumu wa afya ameiandika. Hilo halimaanishi ni sumu. Maana yake ni kwamba mtoto wa miezi minne, asiye na chakula kingine, atapokea kiasi ambacho hakuna aliyekipima, na figo zake bado zinakomaa. Kuna na hili la maabara: kriatini ikichakaa mwilini huwa kriatinini, kitu kilekile daktari anachopima kujua hali ya figo. Kipimo kinaweza kupanda, chako na pengine cha mtoto, na mtu asiyejua habari ya kopo akadhani figo zina shida.

Lakini kinachonifanya nikuzuie zaidi ni uchovu wenyewe. Nikueleze mama mmoja niliyemfanyisha mazoezi, anakaa juu ya mawe Bugarika. Naye alijifungua kwa upasuaji na alipoteza damu nyingi. Alikuja mwezi wa tano akiwa amekwisha kununua kopo. Nondo tupu ya kilo 20 alikuwa anainyanyua vizuri seti ya kwanza; ya pili moyo ulimdunda mpaka anakaa chini. Nikamwambia avute kope la chini mbele ya kioo: lilikuwa jeupe kama karatasi. Tukasimamisha vyuma, akaenda kupima damu. Ilikuwa 9.6, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa kuwa na 12 au zaidi.

Hapo kriatini ingefanya nini? Inasaidia msuli uliokosa akiba ya nguvu za haraka. Yeye alikosa damu ya kutosha kubeba hewa. Angekunywa kopo zima na bado angehema akipanda ngazi za mawe kwenda kwake. Zahanati walimpa vidonge vya madini ya chuma. Nami nikamwomba jambo moja: chai aliyozoea kunywa pamoja na dagaa aisogeze mbali na mlo, kwa sababu inazuia madini hayo kuingia, na kwenye dagaa akamulie limau. Baada ya wiki sita damu ilikuwa 11.4. Mtoto bado alimwamsha usiku mara zilezile, lakini seti ya tatu aliimaliza amesimama.

Kwa hiyo kabla ya kopo, pima damu. Moyo ukienda mbio hata umekaa, au umekosa furaha kwa zaidi ya wiki mbili, mwambie daktari hayo pia, maana tezi ya shingo na sonona baada ya uzazi huja zimevaa sura hii hii ya uchovu.

Upande wa vyuma nao una neno lake. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, na wengi wetu milimani tunaibeba hata kabla ya arobaini kuisha, kisha tunadhani mwili umeshazoea. Kinachochelewa kupona ni mshono na misuli ya sakafu ya nyonga, inayoshika kibofu na kizazi. Kriatini inaimarisha kazi ya mapaja. Mapaja yakitangulia, utaongeza uzito ambao nyonga haijaweza. Dalili utaziona mwenyewe: mkojo unavuja unapoinuka na nondo, unahisi kitu kizito kinashuka ukeni, au tumbo linachomoza katikati kama mgongo wa mtumbwi. Ukiona mojawapo, punguza uzito siku hiyohiyo, na isipokwisha tafuta mtaalamu wa fiziotherapia. Pumua nje wakati wa kuinuka, usibane pumzi.

Kuna na mzani. Kriatini huvuta maji ndani ya misuli, na kilo moja au mbili huweza kuongezeka wiki za mwanzo. Nimeona mama akishtuka, akaanza kuruka chakula cha usiku. Anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi kuliko alivyokula kabla ya mimba, na ukikibana hivyo uchovu unazidi.

Mtoto akishazoea kula na maziwa si kila kitu kwake, damu yako iko sawa na daktari ameridhika na figo zako, sitakuzuia tena. Iwe kriatini monohidrati tupu, kopo lenye lakiri, gramu 3 kwa siku; misuli itajaa baada ya wiki nne hivi, huna haja ya zile gramu 20 kwa siku za wiki ya kwanza. Usichukue unga uliogawanywa kwenye vimfuko, wala mchanganyiko wa kabla ya mazoezi: una kafeini nyingi, na kafeini hupita kwenye maziwa. Ukienda kupima figo, mwambie daktari unatumia.

Kwa sasa, kama mama mkwe bado anakuletea supu ya sato, kunywa na mchuzi wote. Sato mwenye robo kilo ya nyama ana takriban gramu moja ya kriatini akiwa mbichi, na sehemu yake huyeyukia majini anapochemka. Ukila nyama ukaacha mchuzi, unaiacha bakulini.