Kilomita Zahesabika, Jibu ni "less"

"Mwalimu, kilomita si zinahesabika? Mbona jibu si fewer?"

Mwanafunzi wangu wa hapa Nakuru alikuwa ameshikilia karatasi ya mazoezi yenye sentensi hii: "Kisumu is ___ than 200 kilometres from here." Machaguo yalikuwa "fewer", "less", "lesser" na "least". Alichagua la kwanza akakosa, na kukosa kwake kulikuwa na sababu nzuri. Kanuni tuliyomfundisha inasema "fewer" huenda na nomino zinazohesabika na "less" na zisizohesabika. Kiswahili chenyewe kinamsukuma huko huko: tunasema maji kidogo, abiria wachache, na pia kilomita chache.

Ila Kiingereza hapo hakihesabu kilomita moja moja. Mia mbili zote zimefungwa kuwa urefu mmoja, na dalili yake iko kwenye kitenzi: husemwa "200 kilometres is a long way", kitenzi cha umoja. Idadi ikikubali "is", chagua "less". Ndivyo ilivyo kwa muda, pesa na uzito. Lakini vituo ambavyo matatu imesimama njiani ni "fewer", kwa sababu hivyo unavihesabu kimoja kimoja.

Mtego wa pili umekaa upande wa pili wa kanuni. Kwenye stegi ya Kisumu mizigo ni mitatu, mtu anaihesabu kwa kidole, hivyo mwanafunzi anaandika "fewer luggages". Kiingereza kinaichukulia mizigo yote kama kitu kimoja kisichogawika: "less luggage". Hapa macho hayasaidii. Neno hilo, pamoja na "furniture", "advice" na "information", ni la kukariri tu.

Wapo walimu wanaosema kanuni yenyewe ni ya kubuni, na hawajakosea sana. "Less" ilitumika kwa vitu vya kuhesabika tangu Kiingereza cha kale. Mwaka 1770 mwandishi Mwingereza Robert Baker ndiye aliyeandika kwamba "fewer" ingekuwa nzuri zaidi, na aliitoa kama maoni yake, wala si amri. Waliomfuata ndio walioifanya sheria. Kwa mazungumzo, basi, sioni haja ya kumkatiza mtu aliyesema "less people".

Mtihani ni jambo jingine. Msahihishaji ana jibu moja mkononi, na mtoto anayeambiwa kwamba yote mawili ni sawa ndiye atakayepoteza alama. Kwa hiyo mimi nafundisha kanuni, kisha kipimo cha kitenzi. Lawama yangu naiweka kwa mtunzi wa swali. Swali la abiria, wanaohesabika mmoja mmoja, ni la haki. Lakini "ten items or ___", likiwa na "less" na "fewer" pamoja, ningelifuta: Waingereza wenyewe wamegombana juu ya kibao chenye maneno hayo kwenye kaunta ya kulipia dukani.