Huzuni Yenye Mahamri Sita

Juzi nilikuwa harusini Langoni, hapa Lamu. Tumekaa juu ya mikeka tukingoja pilau, mara mazungumzo yakamwangukia binti wa jirani yetu. Wiki ya tatu hiyo hatoki, simu hapokei, mchana kutwa amelala. Mama mmoja mtu mzima, ninayemheshimu kwa mengine yote, akabetua midomo. "Yule hana fikira wala nini," akasema. "Mwenye huzuni hali. Nimemwona kwa mato yangu akila mahamri sita na bakuli zima la mbaazi. Huzuni gani hiyo yenye mahamri sita?"

Wakacheka. Nilinyamaza kwa kuwa harusi haikuwa yangu. Hapa ni kwangu, sinyamazi.

Mimi nimewahi kuwa huyo wa mahamri sita. Mama yetu alifariki miaka minne iliyopita, mwanzoni mwa kaskazi, tukabaki wawili, mimi na kakangu. Hitma zikasomwa, arobaini ikapita, watu wakarudi makwao na shughuli zao. Sisi hatukurudi popote. Msiba si ugonjwa, hilo sihitaji kufundishwa. Lakini ukifika mwezi wa tatu na wa nne, na mtu hafurahii tena hata kile alichokuwa akikifurahia katikati ya msiba wenyewe, basi hapo pana jambo jingine: sonona, huzuni iliyogeuka ugonjwa.

Kakangu alikuwa akiamka saa tisa za usiku na usingizi ndio kwaheri. Alikaa barazani mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi ndiyo iliyomwelemea zaidi, jioni alipata nafuu kidogo. Nilimpikia samaki wa kupaka, chakula ambacho zamani ungekificha asikione. Alitia tonge kinywani, akalizungusha shavu hili, akalipeleka shavu lile, mwisho akalisukuma kwa maji. "Si kwamba kibaya," aliniambia. "Ni kama natafuna gunia." Na njaa yenyewe hakuwa akiisikia. Alikuwa akikumbuka kula pale mikono inapoanza kutetemeka. Mtaa mzima ukajua kwamba ni mgonjwa. Uji ulikuja, supu ya mifupa ikaja, maji ya kusomewa yakaja kwenye chupa, na kila mlango tuliopita sauti ilitoka: "Ndoo ule kidogo, babangu."

Mimi je? Nilikuwa nikilala kwa muda wa saa kumi na naamka nimechoka, miguu mizito kama ile mifuko ya mchanga wanayobebeshwa punda. Magharibi ikiingia nilivaa buibui nikateremka pwani, nikanunua viazi vya karai, bajia, na nikipita dukani, halua. Nilikuwa nikipanda darini na kula gizani. Njaa sikuwa nayo, na hilo ndilo lisiloeleweka na watu: tumbo limejaa lakini roho inadai. Nikitia kitu kitamu kinywani kulikuwa na dakika kumi za unyamavu kichwani, kisha yanarudi yale yale, pamoja na aibu. Rafiki yangu akija kutoka Mombasa nilikuwa nikicheka kweli, si kuigiza, kwa saa nzima. Akiondoka, giza. Sasa mtu anayecheka na anayekula, nani atamletea uji?

Mama mmoja, msiba mmoja, nyumba moja, na matumbo mawili yameshika njia mbili. Nilidhani ni tabia, kwamba yeye ana subira na mimi nina uroho. Baadaye nilisoma, na nilichosoma kilinikasirisha kwa kuwa hakuna aliyeniambia mapema.

Katika watu wazima wenye sonona, karibu nusu hupoteza hamu ya kula, na karibu theluthi huzidishiwa. Theluthi! Si vituko vya mtu mmoja wa Langoni. Mwaka 2016 watafiti wa Tulsa huko Marekani, akiwemo Kyle Simmons, waliwaingiza wagonjwa wasiotumia dawa kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawaonyesha picha za vyakula. Wale waliozidishiwa hamu, sehemu za ubongo zinazohusika na raha na malipo ziliwaka kupita za watu wazima wa afya. Wale waliopoteza hamu walikuwa na jambo jingine kabisa: sehemu iitwayo insula, inayosikiliza hali ya mwili kutoka ndani, ile inayokuambia una njaa, una kiu, moyo unakwenda mbio, ilikuwa imezubaa. Nikamkumbuka kakangu na gunia lake. Hakuwa akigoma. Habari za tumbo hazikuwa zikimfikia.

Kisha kuna upande wa damu, na hapa nilikuwa nimekosea mimi mwenyewe. Mtu akipata mshtuko, ubongo hutoa kichocheo kinachoamrisha, kwa hatua mbili, tezi zilizo juu ya figo zitoe kotisoli, homoni ya kukabili mashaka. Kile kichocheo cha kwanza chenyewe hufunga njaa, ndiyo maana ukipokea habari ya kifo koo linakauka na hata chai haipiti. Kotisoli ikikaa mwilini muda mrefu, husemwa huamsha uchu wa sukari na mafuta. Kwa hivyo nikajifanya daktari: basi mimi mlaji ndiye niliyejaa kotisoli. Sivyo. Watafiti hao hao walipopima damu, waliopoteza hamu ndio waliokuwa na kotisoli juu. Waliozidishiwa walikuwa na mambo mengine: insulini isiyotiiwa vizuri na mwili, leptini nyingi, na dalili za mwili kuwa katika hali ya uvimbe wa ndani kwa ndani, kama unaopambana na kidonda usichokiona. Leptini ni ule ujumbe wa mafuta ya mwili kuuambia ubongo kwamba yatosha. Ilikuwa nyingi na bado mtu anakula, yaani mwenye kupiga hodi anapiga, ila mwenye nyumba hasikii.

Haya, nikubali kwa shingo upande: waliopigwa picha walikuwa watu 16 kila kundi, na picha moja haikuonyeshi kipi kilitangulia kingine. Wala si kila mwenye kula sana ana sonona. Kuna tezi ya shingo, kuna sukari, kuna mimba, na kwa vijana wetu kuna miraa inayofunga tumbo mchana kisha usiku mtu anakomba sufuria. Hayo yapimwe kwanza. Lakini kwamba miili miwili huugua ugonjwa wenye jina moja kwa njia mbili, hilo sirudi nyuma.

Madaktari nao hawajanifurahisha sana. Tangu 1994 kitabu cha Wamarekani cha kuainisha magonjwa ya akili kimeiweka hali ya kula sana, kulala sana, viungo vizito, na moyo unaochangamka kwa habari njema kisha unaanguka tena, chini ya jina la sonona "isiyo ya kawaida". Isiyo ya kawaida kwa nani?

Nilipojikokota hatimaye hadi kliniki, sitaitaja, nilipewa ile karatasi ya maswali tisa, PHQ-9. Unajibu kwa wiki mbili zilizopita, kutoka 0 hadi 3, na jumla yake haizidi 27. Swali la tano linauliza kama umekosa hamu ya kula au umekula kupita kiasi. Yote mawili katika swali moja! Mimi nilitia 3. Kakangu naye, nilipomburura wiki iliyofuata, alitia 3. Ukizitazama karatasi zetu mbili huwezi kujua nani anatafuna gunia na nani anamaliza halua darini. Kama mhudumu hakuuliza "kipi kati ya hivyo", ile namba haimwambii kitu.

Mizani nayo ina mtego wake. Kipimo kinachotajwa na kitabu kile cha Wamarekani ni mabadiliko ya zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya mwezi. Kakangu alikuwa kilo 64, asilimia 5 yake ni kilo 3 na gramu 200. Mwezi wa kwanza wa kupimwa alipungua 4, kila mtu akashtuka. Mimi nilikuwa 70, asilimia 5 ni kilo 3 na nusu, nami niliongeza kilo 9 katika miezi mitano. Gawanya: hazifiki hata 2 kwa mwezi. Hakuna mwezi hata mmoja niliovuka ule mstari. Kanuni hiyo hiyo inasema hamu iliyobadilika karibu kila siku inatosha bila ya kilo zozote, lakini hamu haisomeki kwenye mizani, lazima mtu aulizwe, na mtu mwenye aibu hasemi mpaka aulizwe vizuri.

Halafu dawa. Tuliandikiwa sote wawili amitriptilini, dawa kongwe, rahisi, iliyopo. Kwa kakangu ilikuwa kama imekatwa kwa kipimo chake, maana huleta usingizi na huamsha hamu ya kula. Alilala, na baada ya wiki chache nikamkuta jikoni anachungulia sufuria. Nililia pale pale. Kwangu mimi, niliyekuwa nikilala saa kumi na kula bila ya njaa, dawa ile ile iliniongezea yote mawili. Nikadhani naharibika zaidi, na kosa baya nikalifanya, niliiacha ghafla bila ya kumwambia mtu, nikapata siku nne za kichefuchefu na kukosa utulivu nisizomtakia adui. Mhudumu mwingine ndiye aliyeniuliza lile swali: "Dada, unakula kwa sababu una njaa, au unakula tu?" Swali la sekunde tano. Alinibadilishia, akanipa fluoksetini, akanipa na mtu wa kuzungumza naye kila wiki mbili. Ilichukua zaidi ya mwezi kuona tofauti, na zile kilo 9 hazijaondoka zote mpaka leo.

Kilichoniumiza zaidi ya dawa ni ule ukimya. Kakangu alitembelewa. Mimi niliambiwa "mashallah, umenawiri".

Turudi harusini. Sinia ya pilau ikafika, watu wakajisogeza wanne wanne. Mimi nilikuwa nimeshapandwa na hasira hadi utosini, koo limeziba, tonge moja tu na mkono ukarudi mapajani. Yule mama akaniona. Akanisogezea nyama kwa upande wangu, akanipapasa bega kwa huruma ya kweli kabisa, kisha akamwinamia mwenzake na kunong'ona, nami nasikia:

"Maskini, bado ana fikira za mamake."