Kabla ya Kumwita Mwalimu, Tazameni Saa

Ramadhani iliyopita ilizunguka katika simu zetu video ya mtoto wa miaka kama 6, amekaa kitandani macho wazi, anapiga mayowe huku watu wazima wanne wamemshika mikono na miguu. Mmoja alimfukizia ubani karibu na pua, mwengine alimmwagia maji usoni, na aliyekuwa akirekodi hakuacha kuuliza, "Wewe nani? Umetoka wapi?" Mtoto alipotamka "niache", chumba kizima kiliitikia kwa takbiri, kwani jini lilikuwa limeshajibu. Ilinichukiza sana, na nilichukizwa zaidi na yule aliyerekodi, ambaye alikuwa na saa mkononi mwake ndani ya simu ileile na hakuiangalia.

Saa ndiyo iliyokuwa na jibu: vile vilikuwa vitisho vya usiku, si jini. Nilizungumza na jamaa wa nyumba ile, na maelezo yao yalikuwa haya. Mtoto alikuwa akilala saa nne na nusu usiku, watu waliporudi kutoka tarawehe. Saa tisa aliamshwa kula daku, kwa sababu na yeye alitaka kufunga kama kaka zake, na akarudi kulala baada ya sala ya Alfajiri hadi saa moja asubuhi. Usingizi wa mchana ulikatwa na chuo. Ukizijumlisha, saa zake za kulala hazikufika saba, na mtoto wa umri huo anahitaji baina ya saa 9 na 12. Yowe lilikuja takriban saa sita kasoro robo usiku, likadumu dakika chache, kisha akajilaza na kulala fofofo. Asubuhi hakukumbuka chochote, akashangaa kwa nini mama yake amevimba macho.

Kila kipengele hapo kina maana yake. Mwanadamu anapolala huteremka kwanza katika usingizi mzito, ambao mawimbi ya ubongo huwa makubwa na ya polepole, na sehemu kubwa ya usingizi huo hulalwa katika theluthi ya kwanza ya usiku. Watoto wanao mwingi kuliko sisi, na mtoto mwenye deni la usingizi huzama zaidi. Katika kutoka huko kuelekea usingizi mwepesi, baadhi yao hukwama njiani: sehemu za ubongo zinazoendesha mwili na hofu huamka, ilhali zile za kufikiri, kutambua nyuso na kuhifadhi kumbukumbu zimebaki zimelala, mfano wa nyumba iliyowashwa taa uani na sebuleni bado kiza. Ndiyo maana macho huwa wazi na mama hatambuliwi. Ndiyo maana moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, na bado hakuna ndoto yenye kisa atakayoisimulia. Mtafiti wa usingizi Roger Broughton aliliandika jambo hili mwaka 1968: kwamba kutembea usingizini na vitisho vya usiku ni hitilafu za kuamka kutoka usingizi mzito, na si ndoto zinazoigizwa.

Kwa hiyo kumtikisa, kumkandamiza na kumwagia maji ni kumchochea mtu ambaye ubongo wake haujafika pale ulipo wewe. Atapigana, kwa sababu anashikwa na viumbe asiowatambua, na tukio lililokuwa liishe kwa dakika 5 litarefuka. Jini unalodhani umeligombeza umelitengeneza mwenyewe. Kinachotakiwa ni kukaa karibu, kuondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, kusema kwa sauti ya chini, na kungoja. Anayetembea usingizini naye hurejeshwa kitandani taratibu kwa bega. Si kweli kwamba akiamshwa atakufa. Ataduwaa tu, na pengine atakupiga. Hatari yake ni mlango usio na komeo la juu, ngazi, na kisima kisichofunikwa.

Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba kisomo kinachosomwa kwa upole hakimdhuru mtoto na humtuliza mama. Lakini mwalimu aitwaye usiku hufika tukio linapokaribia kuisha lenyewe, na hirizi hufungwa katika umri ambao wengi huachana na hali hii bila ya kufungwa kitu, kwa hiyo sifa zote zinakwenda kwake bure. Tena utasikia, "Hata babu yake alikuwa nalo," kama kwamba jini linarithiwa. Kinachorithiwa kweli ni mwelekeo wa kuamka nusu; mzazi aliyekuwa akitembea usingizini asishangae kumkuta mwanawe uani.

Tiba ya mtoto yule ilianza kwa kumrudishia usingizi: alilazwa mara baada ya Isha, daku akaachiwa wakubwa, na mchana akapata kulala. Lau yowe lingeendelea saa ileile kila usiku, wazazi wangemwamsha kidogo saa 5 na dakika 20, yaani dakika 15 hadi 30 kabla ya wakati wake, kisha wamwache alale tena, kwa wiki 2 hadi 4. Njia hii inafaa pale tu ambapo saa haibadilikibadiliki. Homa na kibofu kilichojaa huchochea pia, na mtoto anayekoroma sana aangaliwe mafindofindo. Ikiwa matukio ni mafupi, yanarudi mara nyingi katika usiku mmoja, na kila mara mkono uleule unakakamaa kwa namna ileile, hiyo ni habari nyengine: mpelekeni hospitali achunguzwe kifafa.

Sasa kuna mzee mmoja Pemba ambaye familia yake ilimpa jina la ugonjwa huohuo. Yeye hupiga ngumi na kutukana saa kumi alfajiri, macho amefumba, na mkewe anapomwita kwa jina huamka papo hapo na kusimulia: mbwa walimvamia njiani, naye alikuwa akijitetea. Kila alama hapa imegeuka kinyume. Theluthi ya mwisho ya usiku ni ya usingizi wa ndoto, ambao macho hucheza chini ya kope na misuli ya mwili hulegezwa kabisa ili ndoto isitoke nje. (Popobawa wa watu wengi, yule anayekukalia kifuani nawe huwezi kuinua mkono, ni ulegevu huohuo uliochelewa kuondoka akili ikiwa imeamka.) Kwa mzee, breki hiyo imekatika. Watafiti wa usingizi Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minnesota, Marekani, walilieleza tatizo hili mwaka 1986.

Mtoto hukua akayaacha mayowe yake. Kwa mzee huenda ni dalili ya mapema ya Pakinsoni au maradhi ya kusahau yaliyo jamaa yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowafuatilia watu 1,280 wenye tatizo hili, ulikadiria kuwa takriban asilimia 6 kwa mwaka waliingia katika maradhi hayo. Baadhi ya dawa za sonona nazo huliamsha, kwa hiyo daktari aonyeshwe kila kidonge. Mzee huyu, aliyeanika karafuu maisha yake yote, anasema haisikii tena harufu yake, na watoto wake wanadhani ni uzee. Kupungua kwa uwezo wa kunusa huweza kutangulia mtetemeko kwa miaka. Haya ayasikie daktari wa mishipa ya fahamu, na uthibitisho kamili huhitaji kipimo cha usingizi cha usiku mzima chenye kurekodi misuli. Hadi hapo, visu na taa za kioo viondolewe karibu na kitanda, na mkewe alale kitanda chengine bila ya kuona haya. Siku ya kwenda kwa daktari mke naye aende, kwa sababu mzee ataeleza ndoto vizuri sana na hatajua kwamba usiku ule alimpasua mtu mdomo.