"Saa Kumi" Maana Yake Nini?

Kila timu ya mtaani ina mtu anayeandika "nipo njiani" akiwa bado anatafuta soksi. Kwa miaka nilidhani tatizo letu ni huyo. Siku hizi naona tatizo lilikuwa sisi tunaoandika "mazoezi saa kumi" kwenye kundi la WhatsApp na kuamini tumeshasema kitu.

Saa kumi ya nini? Kwa golikipa wetu ilikuwa saa ya kutoka nyumbani. Kwa nahodha ilikuwa saa ya kufika na kubadilisha nguo. Kwangu mimi ilikuwa mpira unaanza kutembea. Wote watatu tulikuwa sahihi, na wote watatu tuligombana. Kuna kijana mmoja aliyesoma "10:00" akatokea saa nne asubuhi, akakuta uwanja mtupu, akatutukana mpaka jioni. Sikuweza hata kumlaumu, maana simu yake ndivyo inavyosoma.

Tukaamua kupiga kura, nayo ikatuangusha. Kundini tuko 24, na 15 walichagua Jumamosi saa kumi. Jumamosi ilipofika, saa kumi kamili tulikuwa wanane. Nilirudi kuangalia waliopiga kura, nikakuta sita kati ya hao 15 hawajakanyaga uwanjani mwezi mzima. Mtu asiyekuja hana gharama yoyote akichagua saa. Halafu magolikipa wetu wote wawili walikuwa wamechagua saa nyingine, tukafanya mazoezi ya kupiga mashuti kwenye goli tupu.

Mara ya pili nilibadilisha mambo mawili. Kwanza, niliwahesabu tu waliohudhuria angalau mara mbili katika mazoezi manne yaliyopita. Walikuwa 13. Wapo walionuna, na mmoja aliandika, "Kaka, kwani hili kundi ni lako?" Nilimjibu aje wiki mbili mfululizo, kura yake itarudi. Pili, niligeuza swali. Badala ya kuuliza saa gani unapenda, niliuliza ni saa gani HUWEZI kabisa, na kila mtu akaruhusiwa kuchagua zaidi ya moja. Mtu akiulizwa anachopenda hutaja ndoto zake. Akiulizwa asichoweza, hutaja ratiba yake ya kazi.

Majibu yalikuja hivi: saa tisa alasiri, watano hawawezi, wengi wanatoka kazini. Saa kumi, watatu hawawezi, wakiwemo wale magolikipa wawili. Saa kumi na nusu, mmoja tu. Saa kumi na moja hakuna aliyekataa, lakini giza lingetukuta katikati ya mechi. Basi ikawa saa kumi na nusu, ingawa saa kumi ndiyo iliyokuwa imepata kura nyingi mara ya kwanza. Yule mmoja asiyeweza tulikubaliana naye wazi kwamba atafika nusu saa baadaye, na hakuna atakayemsema.

Nilitangaza kura zinafungwa Alhamisi saa tatu usiku, nikapiga picha ya skrini, kwa sababu kura ya WhatsApp mtu anaweza kuibadilisha baadaye na kukuambia hakuchagua hivyo. Kisha nikaandika hivi:

"Jumamosi. Kufika: saa kumi na robo jioni (simu inasoma 16:15). Mpira unaanza: saa kumi na nusu (16:30). Timu zinagawanywa saa hiyohiyo kwa waliopo. Aliyechelewa anaingia mapumziko ya kwanza ya maji."

Ujumbe huo niliuweka kwenye maelezo ya kundi, si kuubandika juu tu. Ujumbe uliobandikwa hudondoka baada ya muda uliochagua, na ukidondoka, ubishi unaanza upya.

Faini tulishazijaribu, sizitaki tena. Faini huzalisha ubishi wa pili, wa nani alifika dakika gani na saa ya nani iko sawa. Kusubiri maji hakuhitaji mhasibu. Tena kuna sababu ya kimpira: mkishagawana sita kwa sita, wa 13 akiingia anaharibu hesabu na mnasimama kugawana upya. Kwenye maji mmeshasimama tayari.

Kosa moja lilibaki, nalo lilikuwa langu. Mipira yote ilikuwa kwangu, na wiki ya pili nikachelewa mimi. Watu 11 walisimama wakitazamana. Sasa mpira mmoja uko kwangu, mwingine kwa nahodha, na vizibao anakaa navyo mtu wa tatu.

Jumamosi iliyopita saa kumi na nusu na dakika nne, fulani aliandika, "Wakuu nipo njiani, msianze." Ujumbe huo tuliusoma kwenye maji. Mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, kashafunga kamba za viatu, anasubiri.