qSOFA isikufumbe macho: sepsisi kwenye mtihani na wodini

Kuna walimu wenzangu watanuna lakini ngoja niseme, qSOFA, kile kipimo cha haraka cha kitandani cha sepsisi, tunaifundisha vibaya. Mwanafunzi anaingia kwenye mtihani wa huduma za dharura na vitu vitatu kichwani, pumzi 22 kwa dakika au zaidi, presha ya juu 100 kushuka chini, na fahamu kubadilika. Akikuta viwili anaandika sepsisi, akikuta kimoja anaandika "endelea kumwangalia", na hapo kwenye kimoja ndo wengi wanapodondoka. qSOFA ilikuja 2016 ili kuonyesha mgonjwa gani mwenye maambukizi yuko hatarini zaidi kufa, na mwongozo wa Surviving Sepsis Campaign wa 2021 unasema usiitegemee peke yake kuchuja wagonjwa badala ya vipimo vingine vya dalili kama SIRS au NEWS.

Chukua swali kama hili. Mzee wa miaka 68, kilo 60, siku ya pili baada ya operesheni ya tezi dume, ana katheta na mkojo una ukungu. Joto 36.1, mapigo 112, pumzi 24, presha 104/58, oksijeni 94 bila mashine, anaongea vizuri tu. qSOFA inampa 1, so kwa mtu wa kukariri huyu mzee salama. Ila SIRS inampa 2 kwa mapigo (zaidi ya 90) na pumzi (zaidi ya 20), na chanzo cha maambukizi kinaonekana kwa macho. NEWS2, toleo jipya la NEWS, ndo kabisa, inatoa alama hivi, pumzi 2, oksijeni 1, presha 1, mapigo 2, jumla 6, na kuanzia 5 daktari anaitwa haraka. Halafu cheki, hana homa! Wazee wengi hawapandishi joto, wengine linashuka kabisa, kwa hiyo ukisubiri kipimajoto kikuambie utasubiri sana.

Na hizo pumzi zihesabu. Ukifungua faili za wodini utakuta 20, 20, 20 kwa wagonjwa wote, asubuhi mpaka usiku, na kila mtu anajua hakuna aliyehesabu. Shika mkono kama unapima mapigo, angalia kifua dakika nzima, mgonjwa asijue, maana akijua anabadilisha.

Turudi kwa mzee. Kabla daktari hajafika mkewe anakwambia "nesi, huyu leo ananiita jina la dada yake". Unapima tena, presha 88/46. Wastani wa presha unapigwa hivi, ya chini mara mbili jumlisha ya juu gawa kwa tatu, unapata 60, na tunataka 65 kwenda juu. Sasa hii ni sepsisi yenye dalili za shoki na saa moja imeanza kuhesabika. Kama presha ingekuwa nzuri na sepsisi bado ni wasiwasi tu, mwongozo unaruhusu hadi saa 3 za kuchunguza kabla ya antibayotiki, kwa huyu hapana.

Unamwita daktari tena useme namba, sio "hali sio nzuri". Unaweka kanyula mbili kubwa, na oksijeni ukiona inashuka. Damu ya laktati na ya kalcha unachukua kabla ya antibayotiki, seti mbili, ngozi isafishwe na iachwe ikauke, mkojo wa kalcha utoke kwenye mlango wa sampuli wa katheta na sio kwenye mfuko (mkojo wa mfukoni umekaa masaa, unaota wadudu wake wenyewe). Mshipa ukigoma usizunguke nusu saa unatafuta kalcha, dawa iliyoandikwa iingie. Swali likikupa panadol na antibayotiki uchague ya kwanza, usihangaike, panadol haitibu chanzo.

Dripu ni mililita 30 kwa kilo, hapa 1800 za Ringa, ndani ya saa 3 za kwanza. Hapa ndo sikubaliani na wanaoimwaga yote kisha wanaondoka. Zambia walifanya utafiti kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wana VVU, ukachapishwa 2017, na waliopewa maji mengi haraka kwa utaratibu maalum walikufa zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo mpe 500, sikiliza mapafu chini nyuma, hesabu pumzi tena, bonyeza ncha ya kidole uone kama rangi inarudi ndani ya sekunde 3, ndo uongeze. Ukisikia mikwaruzo mipya au oksijeni inashuka punguza mwendo umwite daktari. Wastani wa presha ukibaki chini ya 65 wakati dripu inaenda noradrenalini inaanza, hata kwenye mshipa mzuri wa mkononi, ila ukae ukiuangalia. Mkojo huyu anatakiwa atoe angalau mililita 30 kwa saa, kwa hiyo mwaga mfuko kwanza uandike muda, la sivyo ya jana itakudanganya.