Kampala ukiagiza samaki unaletewa shamba zima

Oyaa wanangu wa Tanga, wa Dar, na wewe wa Mombasa unayeangalia kimyakimya hata laiki hutoi, karibuni. Leo siongelei bodaboda wala foleni, leo naongelea sahani. Maana kuna watu mnanitumia meseji eti "bro Kampala imekukubali, umenenepa". Jamani, huku mtu ananenepa na huzuni zake vilevile.

Sikieni. Kwetu ukikaa kwa mama ntilie unasema wali, au ugali, halafu ndo anakuuliza na nini. Huku mambo yamegeuzwa. Dada anakuja kukusikiliza, tena wengine wanapiga magoti kabisa pale pale sakafuni, ndo heshima ya Kiganda hiyo, na mimi mtoto wa Chumbageni sijawahi kupigiwa goti na mtu, nainuka nusu, sijui nikae au na mimi nipige. Yeye hana habari, anauliza tu, "Sebo, sosi gani?"

Yaani anataka mchuzi. Nyama, kuku, samaki, maharage, au binyebwa, na bei unayolipa ni ya huo mchuzi. Ukitaja samaki anakuuliza "fudi yote?" na wewe njaa inakuuma unaitikia yote, basi umekwisha. Sahani moja inakuja na matoke, wali, posho ambayo ndo ugali wao, viazi vitamu, mihogo na kipande cha boga, pembeni mchicha wao wanauita dodo. Samaki kaja na kibakuli chake, kajikunyata mule. Wanga wa aina sita! Mimi nyumbani wali na ugali kuvikuta sahani moja ni mpaka kuwe na msiba.

Na hiyo binyebwa msiidharau. Ni karanga zimesagwa zikapikwa zikawa mchuzi mzito, inajitegemea, haisubiri nyama. Ina rangi kama shati la zambarau lililofuliwa na jiki. Siku ya kwanza niliitazama sana. Sasa hivi nainywa na kijiko, lakini hilo mama asilijue.

Matoke sasa, hapo ndo nataka tuelewane, maana mnasema "si ndizi tu hizo". Kaeni kimya. Mama mwenye nyumba wangu Jumapili anaanza asubuhi, anamenya ndizi mbichi, anazifungasha kwenye majani ya mgomba kama mtoto mchanga, chini ya sufuria anapanga vipande vya mshipa wa jani ili mzigo usiguse maji, anafunika na majani mengine, mvuke unafanya kazi. Zikiiva zimeacha weupe zimekuwa njano. Hapo mtu wa pwani ashachukua sahani. Thubutu! Anatoa ule mzigo unafuka moshi, anauminya na mikono yake vilevile ukiwa umefungwa, mpaka ndizi zote zimekuwa kitu kimoja laini, halafu anaurudisha motoni, moto mdogo, tena muda mrefu. Nimekaa uani nasikia harufu ya majani, tumbo linanguruma, nikamwambia mama zimeiva hizo, akaniangalia akasema bado kuiva vizuri, kuiva tu na kuiva vizuri ni vitu viwili. Nikakaa. Na zikipakuliwa ule hapo hapo zikiwa moto, ukizubaa na simu zikapoa zinakuwa ngumu, halafu usimlaumu mpishi.

Tamu? Tamu. Ila mimi namisi ndizi za nazi jamani, zile zinaogelea kwenye tui. Nazi huku ipo moja moja sokoni, unakuta imekaa peke yake kama imepotea njia, na bei yake hiyo unaishika unairudisha taratibu. Ukiwaambia wenzako kazini nimemisi ugali wanakuonea huruma, maana kwao posho na maharage ni chakula cha bweni, wamekila shuleni wakaapa. Mwenzangu mmoja kaniuliza kwa upole, "Kwani kwenu mlikuwa na shida?"

Halafu nampigia mama yangu Tanga. "Umekula mwanangu?" Nimekula mama, ndizi. "Hayo ni matunda, chakula umekula?" Mama, ndo chakula. Kimya. Kesho yake shangazi watatu wamenipigia kuniuliza kama bado nina kazi.

Sasa ombi. Kama kuna mtu anapanda basi la kuja huku kwa Mutukula, nipitishie nazi nne na mbuzi ya kuzikunia, hela ya mzigo nitalipa mimi. Ila ukifika Bukoba usishuke ukaanza kusimulia unampelekea nani nazi, wale Wahaya nao ni watu wa ndizi, watakwambia huyo kijana anadeka, arudishiwe nazi zake Tanga.