Kufumuka kwa nywele huanzia kwenye taulo

Ukitaka kujua nywele zako zinafanya nini siku ya unyevu, simama karibu na dirisha, mwanga ukitokea nyuma yako, kisha uangalie ukingo wa kichwa kwenye kioo. Utaona kiwingu chembamba kimekizunguka. Ukikikazia macho kiwingu hicho utagundua ni nywele mojamoja zilizojitenga: moja imepinda kwenda juu, nyingine imejisokota kama springi, nyingine imetoka nje na kubaki huko. Nywele hazijaongezeka. Zimeachana tu, kila moja imeshika njia yake.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuona watu wakielekezwa kwenye mafuta kila wanapolalamika kwamba nywele zao zinafumuka. Wanapaka asubuhi, wanapaka mchana, na jioni nywele zinang'aa, zimelemea, na bado zimefumuka. Maoni yangu ni kwamba mafuta yanakuja kwa kuchelewa. Sehemu kubwa ya mambo imeshaamuliwa zamani, katika ile saa moja au mbili ambazo nywele zilikuwa zinatoka kwenye ubichi kwenda kwenye ukavu.

Unywele umejengwa kwa keratini, protini ndefu zilizolala sambamba kama nyuzi ndani ya kamba. Nyuzi hizo zimeshikana kwa vifungo vya aina kadhaa, na hapa viwili vinatosha. Kuna vifungo vya salfa, ambavyo ni imara na havifunguki kwa maji. Hivyo ndivyo vinavyolinda umbo la asili, liwe kipilipili, mawimbi au singa. Halafu kuna vifungo vya haidrojeni, ambavyo kimoja kimoja ni dhaifu lakini ni vingi mno. Maji yakiingia vinafunguka, na maji yakitoka vinajifunga upya katika mkao wowote ule unywele uliomo wakati huo. Ndiyo maana ukisuka nywele mbichi ukazifumua zikishakauka unapata mawimbi, na ukiziosha mawimbi yanapotea yote.

Hewa yenye unyevu inafanya kazi ileile ya maji ya bombani, ila polepole na bila usawa. Mvuke unapenya chini ya magamba yanayoufunika unywele, unafungua baadhi ya vifungo, na unywele unaanza kurudi kwenye umbo lake la kuzaliwa. Unywele ukilowa kabisa hunenepa kwa zaidi ya asilimia 10 na kurefuka kwa asilimia 2 hivi. Kurefuka huko ni kwa uhakika kiasi kwamba mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alieleza kipimo cha unyevu wa hewa alichokiunda kwa unywele wa binadamu. Aliuondoa mafuta kwanza, akaufunga kwenye mshale, na mshale ukasogea kadiri hewa ilivyobadilika.

Sasa fikiria kichwa chenye maelfu ya vipimo vya namna hiyo, kila kimoja kikisogea kwa mwendo wake. Nywele za juu zinakutana na mvuke kabla ya zile zilizofichwa chini. Zilizochubuka kwa dawa ya kubadili rangi au kwa moto zinanywa maji haraka kuliko zile zenye magamba mazima. Kama zingebadilika zote pamoja, kwa kiasi kimoja, tungeona tu mkunjo umekaza kidogo. Tatizo ni kwamba zinabadilika kwa kupishana.

Kutokana na hapo, swali langu likawa: nywele zikikauka zikiwa zimeshikamana katika mafungu, je, zitaachana kirahisi? Nina nywele zenye mikunjo ya wazi, kila mkunjo unene wa kidole. Siku moja yenye unyevu mzito niliosha kichwa chote kwa shampuu moja na kondishena moja, nikagawanya nywele katikati. Upande wa kushoto niliufanya kama nilivyozoea tangu utotoni: nikausugua kwa taulo, nikapuliza draya huku nikiitikisa huku na huko, nikaacha zikiwa karibu kukauka, nikapiga brashi. Upande wa kulia niliuchana kwa kitana cha meno mapana kondishena ikiwa bado imo. Nilipozisuuza, nywele zilijikusanya zenyewe katika mafungu, kila fungu nene kama penseli. Nikazikamua kutoka chini kwenda juu kwa fulana kuukuu ya pamba, bila kusugua, kisha sikuzigusa tena mpaka zikakauka zenyewe.

Nilipotoka nje upande wa kulia ulikuwa na mafungu yanayohesabika. Baada ya saa moja ulikuwa na nywele chache zilizochomoza utosini, na mafungu yamevimba kidogo. Upande wa kushoto haukuwa na fungu hata moja. Ulikuwa umepanuka hadi kulifunika sikio, na ukiushika ulikuwa kama pamba iliyochambuliwa. Kichwa ni kimoja, hewa ni moja, kondishena ni ileile.

Taulo ndilo lililoanza kuharibu. Vitanzi vyake vinang'ang'ania nywele na kuziburuta kinyume na mlalo wa magamba, na kila msuguo unaokota nywele mbili tatu kutoka kwenye fungu na kuzigeuza upande mwingine. Zikikaukia hapo, vifungo vya haidrojeni vinazifunga hapohapo. Kitambaa chochote laini cha pamba kinafaa badala yake, mradi ukamue na usisugue.

Draya nayo husingiziwa bure mara nyingi. Dada yangu anapenda nywele zake zikae zimenyooka, na draya ndiyo inayomsaidia, kwa sababu anaitumia kwa utaratibu. Anasubiri nywele zikauke zenyewe karibu robo tatu, kisha anazigawa sehemu ndogo zisizozidi upana wa brashi yake. Anaweka ile pua nyembamba ya draya na kuelekeza upepo kutoka kwenye shina kwenda kwenye ncha, huku brashi ikivuta unywele ukae umenyooka. Upepo wa mwelekeo huo unayalaza magamba, na kwa kuwa nywele zimevutwa, vifungo vinajifunga zikiwa zimenyooka. Ukipuliza kutoka pande zote bila pua, unazikausha kila moja ikiwa inaelekea kwake.

Kosa lake la zamani lilikuwa dogo na nimeliona kwa wengi: aliacha mapema. Nywele zenye joto hudanganya mkono, huonekana kavu wakati ndani bado kuna maji. Maji hayo yaliyosalia yanaendelea kutoka ukiwa njiani, brashi haipo tena, na unywele unajifunga katika mkao uupendao wenyewe. Nusu saa baadaye mtu anailaumu hewa. Siku hizi akimaliza sehemu moja anapuliza upepo wa baridi, anaiacha ipoe kabisa, kisha anagusisha shavuni. Nywele zenye maji huhisi baridi shavuni. Zikiwa hivyo, anarudia. Kwa pasi ya nywele jambo hili ni la hatari zaidi, kwani maji yaliyobaki ndani huchemka na kuacha vipovu ndani ya unywele, na unywele huo hukatikia hapo.

Kuhusu brashi, nina msimamo mkali kidogo. Kwa mwenye nywele zenye mikunjo, brashi juu ya nywele kavu siku ya unyevu ndiyo kufumuka kwenyewe. Unachukua fungu lililokauka pamoja na kulitawanya kuwa nywele mojamoja, na kila moja sasa iko peke yake mbele ya mvuke. Hakuna mafuta yatakayozirudisha pamoja, maana vifungo vilivyokuwa vimeushika mkao ule vimekaa katika umbo la fungu ambalo halipo tena. Kitakachozirudisha ni maji: lowesha mikono, zikandamize, zikusanye upya, uziache zikauke. Mwenye nywele za singa anaweza kupiga brashi kavu bila hasara kubwa, kwa sababu umbo lake la asili na umbo analolitaka ni kitu kimoja.

Wakati wa kuchana, basi, ni nywele zikiwa mbichi na zina kondishena ya kutosha kuteleza. Lakini unywele mbichi ni dhaifu na unavutika kuliko mkavu, kwa hiyo usianzie kwenye shina. Anza na ncha, panda vidole viwili, fungua fundo, panda tena. Ukisikia milio midogo ya kukatika, acha kuvuta, ongeza kondishena, tumia vidole. Kila unywele unaokatikia njiani unageuka kipande kifupi kisichofikia fungu lolote, na vipande hivyo ndivyo vinavyosimama utosini mwezi mzima.

Hapo ndipo mkato unapoingia, na hapa nina donda langu. Miaka kadhaa iliyopita nilimwomba msusi anipunguzie ujazo kwa sababu nywele zilikuwa zinapanuka kwenye unyevu. Akachukua ule mkasi wenye meno, unaokata baadhi ya nywele na kuziacha nyingine, akaupitisha karibu na mashina, kichwa kizima. Niliondoka na kichwa chepesi nikashukuru. Nilipoosha kwa mara ya kwanza nikaelewa. Ndani ya kila fungu kulikuwa na nywele za sentimita 4 zilizochanganyika na ndefu. Nywele fupi hazina uzito wa kuzivuta chini, na hazina urefu wa kujizungusha pamoja na nyinginezo, hivyo zilisimama na kuzisukuma zile ndefu kwenda nje. Ujazo ulizidi.

Tangu hapo nashauri kinyume. Mwenye nywele zinazofumuka akate ncha zake ziwe nzito, kwa mkasi wa kawaida uliochongwa vizuri. Wembe huacha ncha nyembamba ya mshazari ambayo hupasuka mapema, na ncha iliyopasuka hujitenga na fungu hata hewa ikiwa kavu. Tabaka si mbaya kwa nywele nene zenye mikunjo, mradi ziwe ndefu kiasi cha kila tabaka kuweza kufanya mkunjo kamili. Na ni vyema mikunjo ikatwe ikiwa mikavu, katika umbo lake, kwani ikilowa hurefuka na ukikata hapo utashangaa ikipanda.

Mafuta na losheni za silikoni zina nafasi yake: hupunguza kasi ya mvuke kuingia, ila haziuzuii. Glisirini ndiyo ya kuangalia zaidi. Huvuta maji, kwa hiyo siku ya unyevu mzito inaweza kuyavuta kutoka hewani na kuyaingiza kwenye nywele ulizohangaika kuzikausha. Soma kibandiko; ikiwa miongoni mwa viambato vya mwanzo, iweke kando mpaka hewa ikauke kidogo.

Zile nywele zangu za sentimita 4 hazikuwa na dawa. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, nami nikazipima mara kwa mara kwa kuvuta kipande kimoja karibu na sikio. Mwezi wa tano zilianza kujipinda. Mwezi wa nane, nilipokuwa nasuuza kondishena, niliona zimeingia kwenye mafungu zenyewe.